Staha ya Chumba cha Masaji: Kanuni za Nyumba na Wajibu wa Mwajiri

Mkandaji wa hoteli za Pwani ya Kenya hufanya kazi yake katika chumba kilichofungwa mlango, chenye nuru hafifu, akiwa peke yake na mtu asiyemjua aliyevua nguo, na mara nyingi ujira wake hutegemea idadi ya wateja awakandao. Kazi ya namna hii huwavutia mafidhuli, na mwenye nyumba asiyetangulia kuweka masharti huwa amemwachia mkandaji peke yake mzigo wa kuyaweka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 6, inamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa waraka wa msimamo wake juu ya unyanyasaji wa kijinsia, baada ya kushauriana nao. Lakini kifungu hicho humtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza kuwa ndio wanyanyasaji, na mteja hakumo. Pendekezo namba 206 la Shirika la Kazi Duniani, lililoambatana na Mkataba namba 190 wa mwaka 2019, ndilo linalotaja wazi hatari itokayo kwa wateja. Kwa hiyo kanuni za nyumba zina kazi kubwa hapa: huliziba pengo ambalo kifungu kimeliacha, hata katika nyumba yenye wakandaji watatu tu.

Masharti yawe machache, yaandikwe kwa lugha wanazozisoma wateja, na mteja ayatie sahihi mapokezini kabla ya kulipa: kwamba shuka haiondolewi isipokuwa na mkandaji, na kwa sehemu inayokandwa tu, kwamba mteja hamgusi mkandaji, kwamba ombi lolote la ngono humaliza huduma papo hapo, wala fedha hairudi. Ni insafu kuongeza hapa kwamba mwili wa mwanamume huweza kuitika mguso pasipo yeye kukusudia, na jambo hilo peke yake si kosa. Kinachohukumiwa ni neno, mkono na shuka.

Tuchukue mfano. Mteja amelipia dakika 60, na ilipofika ya 20 akaisukuma shuka na kuuliza bei ya “huduma ya ziada”. Mkandaji habishani wala hatoi nasaha. Hutamka neno alilofundishwa, “Huduma imekwisha, tafadhali vaa,” akatoka, kwa kuwa mlango haufungwi kwa ufunguo na kitanda kimewekwa pasipomzuilia njia. Huenda moja kwa moja kwa msimamizi, na tangu hapo harudi tena mbele ya mteja yule. Msimamizi ndiye asimamaye mlangoni, amsomee mteja sharti alilolitia sahihi, ampeleke mapokezini, na jina lake liandikwe miongoni mwa wasiopokelewa tena. Kisha mkandaji aandike daftarini saa, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na alichofanya.

Hapa ndipo nyumba nyingi huanguka, wala si kwa uovu, bali kwa hofu ya kumpoteza mteja. Meneja humrudishia mgeni fedha zake ili kutuliza kelele, na mkandaji hukatwa ujira wa saa ile. Tangu siku hiyo wakandaji wote wamejua kwamba atokaye chumbani hupoteza riziki, na atakayejaribiwa kesho atavumilia. Twasema kwa mkazo: mkandaji alipwe ujira kamili wa dakika zote 60, kwa jina lake, mwisho wa mwezi ule ule. Aidha, meneja asianze kwa kumuuliza alivaa nini au alitabasamu vipi. Aulize kwanza kama yu salama, na kama ataweza kumpokea mteja anayefuata.

Mteja akimshika kwa nguvu, jambo limevuka mpaka wa kanuni za nyumba na kuingia katika jinai, chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Shuka zisifuliwe, chumba kifungwe, na mkandaji, akiridhia, asindikizwe hospitalini na kwa polisi, pamoja na mtu amwaminiye. Wala meneja asithubutu kupatana na mteja kwa fedha nyuma ya mgongo wa mkandaji.

Daftari tupu si ithibati ya amani. Msimamizi atazame kama wakandaji hubadilishana zamu jina fulani linapoonekana kwenye orodha, kama mmoja huugua kila Jumamosi, au kama mgeni asiyeshukiwa lolote hukosa mtu wa kumpokea. Akiyaona hayo, amwite kila mmoja faraghani, aulize kwa upole juu ya mteja huyo kwa jina, na kama habari zinaafikiana, amfungie mlango mteja huyo pasipo kungoja shtaka lililoandikwa.