Kuandika Karatasi Nyingi kwa Mara Moja, na Hatari ya Kusahau Kuzitenganisha

Kwa kuwa hesabu za matawi sasa zaletwa kwa kompyuta, tumeona yafaa kuwaeleza wanachama jambo moja la Excel, nalo ni kuunganisha karatasi kadhaa ili ziandikwe kwa pamoja. Mfano wetu tumeutoa mbali, kata ya Bukiriro katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kwa wakulima wa kahawa. Tumefanya hivyo makusudi, asije mtu wa tawi fulani akadhani ndiye asemwaye. Hesabu zenyewe ni za kubuni, lakini kilo ya kahawa na kilo ya karafuu huandikwa namna moja.

Basi tuseme karani ana kitabu kimoja chenye karatasi nne za kata, Bukiriro, Kabanga, Mugoma na Rulenge, na ya tano iitwayo Jumla. Majina ya karatasi huonekana chini ya skrini. Karani ataka kila kata iwe na vichwa vilevile: jina la mkulima safu ya B, kilo safu ya C, bei safu ya D, malipo safu ya E. Badala ya kuandika mara nne, abonyeze jina Bukiriro, ashike Shift, kisha abonyeze Rulenge. Zote nne zimeungana. (Kama azitakazo hazifuatani, ashike Ctrl na kubonyeza moja moja.) Sasa akiandika `=C5*D5` katika E5, hesabu hiyo yaingia mahali hapohapo katika karatasi zote nne. Kazi ya saa nzima yaisha kwa dakika chache.

Hatari yaanza baada ya hapo. Karani amemaliza vichwa, na mzani wa Bukiriro umeleta masahihisho: mkulima wa mstari wa 12 aliandikiwa kilo 48, kumbe ni 84. Karani aandika 84 katika C12. Lakini karatasi bado zimeungana. Katika C12 Kabanga palikuwa na 130, Mugoma 61, Rulenge 210. Zote zimefutika na kuwa 84. Majina ya wakulima yamebaki yaleyale, malipo yamejihesabu upya bila kulalamika, na karani haoni ila karatasi ya Bukiriro, ambayo ni sahihi kabisa. Jumla ya mstari huo ilikuwa 449. Ilipaswa kupanda hadi 485, nayo imeshuka hadi 336. Mkulima wa Rulenge amepoteza kilo 126 asizojua zimekwenda wapi, na yule wa Mugoma atalipwa kilo 23 ambazo hakuzileta.

Wengi hunaswa kwa sababu hudhani kwamba kubonyeza jina la karatasi nyingine kunatosha. Hakutoshi. Karatasi nne zikiwa zimeungana, ukibonyeza Kabanga wahamia Kabanga tu, na muungano ungalipo. Sharti ubonyeze jina lililo nje ya kundi, hapa ni Jumla. Au ubonyeze jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Ungroup Sheets. Tena, kitabu kikihifadhiwa karatasi zikiwa zimeungana, kitafunguka kesho vilevile, na huenda atakayekifungua ni mtu mwingine asiye na habari.

Dalili zipo kwa atazamaye. Juu kabisa, kando ya jina la kitabu, huonekana neno Group. Chini, majina yote ya kundi hung'aa meupe pamoja. Pia amri kadhaa, kama Conditional Formatting, hufifia na kukataa kubonyezwa.

Ukigundua papo hapo, Ctrl+Z hurudisha karatasi zote kama zilivyokuwa. Ukiwa umekwisha hifadhi na kufunga, dawa ni nakala ya jana au daftari la mzani. Kwa hiyo daftari hilo lisitupwe.

Kwa hesabu za zamani mnazozishuku, iko njia ya kupeleleza. Katika karatasi ya Jumla, mahali G5, andikeni hivi, kisha mnakili kushuka chini:

```
=AND(COUNT(Bukiriro:Rulenge!C5)=4,MAX(Bukiriro:Rulenge!C5)=MIN(Bukiriro:Rulenge!C5))
```

Hii yauliza kama kata zote nne zina tarakimu katika mstari huo, na kama tarakimu hizo ni moja. Ikijibu TRUE, linganisheni mstari huo na daftari. Huenda ikawa ni sadfa, wakulima wanne kuleta kilo sawa. Lakini TRUE zikifuatana mistari mitatu au minne, sadfa hiyo sisi hatuiamini. Karatasi za kata sharti zikae zimefuatana, na Jumla iwe nje yao, ama sivyo hesabu hii itasoma karatasi isiyohusika.