Kuandika upya mbinu za sensa ya wanyama: kutoka masimulizi hadi hatua

Wanyama wakubwa wa kreta ya Ngorongoro wamekuwa wakihesabiwa kwa magari tangu miaka ya 1960. Sensa hizo ndizo zilizotuonyesha kwamba nyati, waliokuwa wachache zamani, waliongezeka hadi maelfu katika miongo iliyofuata kuondolewa kwa wafugaji wa Kimaasai kwenye sakafu ya kreta mwaka 1974, na kwamba nyumbu walipungua. Lakini hesabu ya mwaka mmoja hulinganishwa na ya mwaka mwingine kwa sharti moja: wahesabuji wawe wamefuata kanuni zilezile. Kanuni hizo huwekwa katika sehemu ya mbinu, na hapo ndipo tasnifu na ripoti nyingi huteleza, kwa kuwa husimulia kilichofanyika bila kueleza namna ya kukirudia.

Huu hapa ni mfano niliotunga, wa aina inayoonekana sana kwenye rasimu za wanafunzi:

"Sensa ilifanyika ndani ya kreta wakati wa kiangazi. Sakafu iligawanywa katika vitalu na magari yaliingia asubuhi. Wanyama wote walioonekana walihesabiwa kwa darubini. Makundi makubwa yalikadiriwa. Tahadhari ilichukuliwa ili wanyama wasihesabiwe mara mbili. Takwimu ziliingizwa kwenye kompyuta na kuchambuliwa."

Kiswahili chake hakina kosa, na pengine kila sentensi ni kweli. Hata hivyo, hakuna timu inayoweza kuteremka kwa barabara ya Seneto na aya hii mkononi ikafanya sensa ileile.

Anza na vitenzi

Chapisha aya yako, kisha pigia mstari kila kitenzi. Katika mfano wetu utapata, miongoni mwa vingine: iligawanywa, yaliingia, walihesabiwa, yalikadiriwa, ilichukuliwa, ziliingizwa, kuchambuliwa. Karibu vyote viko katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo humficha mtendaji. Kwa kila kitenzi jiulize maswali manne: nani afanye, kwa kifaa gani, kwa kipimo gani, na aache wakati gani? Majibu yaandike pembeni mwa karatasi, hata kama ni vipande vipande.

Chukua "yalikadiriwa". Kundi huwa kubwa kuanzia wanyama wangapi? Nani alikadiria, dereva au mwenye darubini? Alihesabu kumikumi au alitazama tu akataja namba? Huenda timu yako ilikuwa na majibu, ila yalibaki vichwani mwa watu. Kazi ya kuandika upya ni kuyahamishia kwenye karatasi. Swali lisilo na jibu hata ukiwauliza wenzako lina maana kwamba kila gari lilifanya lake. Hilo liseme wazi kwenye ripoti, usitunge kanuni baada ya kazi kwisha.

Panga vichwa kwa mfuatano wa kazi

Vichwa vidogo vifuate mpangilio wa kazi yenyewe, ili mtu aliye uwanjani afungue ukurasa anaouhitaji. Kwa sensa ya kreta, vichwa sita vinatosha: Eneo na mipaka, Timu na vifaa, Maandalizi, Kuhesabu, Kanuni za maamuzi, Ukaguzi wa takwimu. Mwishoni ongeza cha saba, Yaliyotofautiana na mpango. Hiki ndicho kinachobeba masimulizi: gari lililokwama, kitalu kilichochelewa kumalizwa, ukungu uliogoma kuondoka. Ukitenga mpango na matukio, msomaji atajua lipi ni la kurudia na lipi lilikuwa bahati mbaya ya siku ile.

Chini ya kila kichwa, hatua moja ibebe tendo moja na ipewe namba. Tumia kitenzi cha kuamuru au cha kuagiza: "Dereva asimamishe gari", "Karani aandike saa". Ukikuta "na kisha" ndani ya hatua, ujue hizo ni hatua mbili.

Weka namba, kisha uzipige hesabu

Maneno kama "polepole", "mapema" na "karibu" yageuzwe kuwa vipimo. Hapa chini ni sehemu ya "Kuhesabu" baada ya kuandikwa upya; vipimo vyake ni vya mfano, nawe utaweka vya kwako.

1. Magari yote yaanze saa 07:00, kila moja kwenye kona ya kusini-magharibi ya kitalu chake.
2. Dereva afuate mistari iliyonyooka ya kusini hadi kaskazini, iliyoachana kilomita 1, kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa.
3. Mhesabuji wa kushoto na wa kulia ahesabu kila mmoja upande wake, hadi mita 500 kutoka kwenye gari.
4. Kundi likionekana kuwa na wanyama zaidi ya 50, dereva asimamishe gari.
5. Wahesabuji wote wawili wahesabu kundi hilo, kila mmoja peke yake na bila kutajiana namba.
6. Hesabu mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 ya ile kubwa, warudie mara moja.
7. Karani aandike hesabu zote, pamoja na zile za kwanza.

Sasa hakikisha namba zako zinatekelezeka. Sakafu ya kreta ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 250. Ukiigawa vitalu sita, kila kitalu kina wastani wa kilomita za mraba 42. Mistari ikiachana kilomita 1, kila gari litaendesha kama kilomita 42. Kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, hizo ni karibu saa tatu za kuendesha tu, kabla ya kusimama kwa ajili ya makundi. Kazi iliyoanza saa 07:00 itakaribia adhuhuri, wakati mazigazi ya joto yanapofanya wanyama wa mbali watetemeke kwenye darubini. Hesabu hii fupi inakuonyesha mapema kama unahitaji magari zaidi au vitalu vidogo zaidi. Na kwa kuwa magari yatatoka nje ya barabara, kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro kinachoruhusu hilo kitajwe chini ya "Maandalizi", si kwenye shukrani.

Mambo mawili huharibu kazi kimyakimya. La kwanza ni saa. Karani mmoja akiandika 1:30 akimaanisha saa moja na nusu asubuhi, na mwingine akaandika 7:30 kwa wakati uleule, fomu zao hazitalingana. Agiza mfumo wa saa 24 kwenye fomu zote. La pili ni mfumo wa ramani. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa `Arc 1960`, ilhali GPS nyingi huja zikiwa kwenye `WGS 84`. Ukichukua mipaka kutoka kwenye ramani ya zamani bila kubadilisha, kitalu chako kitahama takriban mita 300, umbali unaotosha kulihamishia kundi zima kwa jirani. Andika mfumo uliotumika pamoja na ukanda, ambao kwa Ngorongoro na Karatu ni `UTM 36S`.

Andika kanuni za "ikiwa"

Hapa ndipo masimulizi huwa matupu kabisa. "Tahadhari ilichukuliwa" haimsaidii mtu anayeona nyumbu wakikatiza mpaka wa kitalu mbele ya macho yake. Kila tahadhari igeuzwe kuwa sentensi inayoanza na "ikiwa":

Ikiwa kundi limekaa juu ya mpaka, gari la kwanza kuliona lihesabu kundi lote, na karani atangaze redioni aina, idadi na saa. Jirani akisikia tangazo hilo, asilihesabu.

Ikiwa ukungu unazuia kuona gari la mwenzako lililo mita 500, magari yote yasubiri. Ikifika saa 09:00 bado haujaondoka, sensa iahirishwe hadi kesho yake.

Ikiwa sehemu ya kitalu haipitiki, kama ndani ya kinamasi cha Gorigor, au haionekani, kama ndani ya msitu wa Lerai, karani achore eneo hilo kwenye ramani na kuliandika "haikuhesabiwa".

Kanuni hii ya mwisho inahitaji uangalifu. Sufuri maana yake tulitazama hatukumwona. Nafasi tupu maana yake hatukutazama. Fomu isiyotenganisha haya mawili itamfanya msomaji aamini kwamba Lerai haina tembo. Fomu yenyewe iambatishwe kwenye ripoti, na mistari yake miwili ionyeshwe jinsi ilivyojazwa:

```
kitalu,mstari,saa,aina,idadi_1,idadi_2,hali
C,3,07:42,nyumbu,64,61,imehesabiwa
C,4,08:15,,,,haikuhesabiwa
```

Katika mstari wa kwanza, 64 na 61 zinapishana kwa chini ya asilimia 5, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kurudia. Mtu asiyekuwepo anaweza kukagua uamuzi huo akiwa mezani. Eleza pia ni namba ipi itakayoingia kwenye jumla: wastani, au hesabu ya mtu aliyeteuliwa tangu mwanzo.

Jaribu maandishi kwa mgeni wa kazi

Karatu imejaa madereva waongozaji wanaoijua kreta vizuri na wasiojua lolote kuhusu utafiti wako. Mpe mmoja wao utaratibu ulioandika, wewe kaa kiti cha nyuma, na mfanye jaribio la mstari mmoja nje ya hifadhi, hata kwa ng'ombe na mbuzi wa malishoni. Usijibu maswali, yaandike tu. Kila swali analouliza ni hatua iliyokosekana, na kila mahali anapoendelea kwa kubahatisha ni kipimo kilichokosekana. Rekebisha, lipe andiko namba ya toleo na tarehe, kisha ulijaribu kwa mtu mwingine. Yule wa kwanza hafai tena, kwa sababu ameshazijua fikra zako.

Kama chuo kinataka masimulizi

Baadhi ya idara hudai sura ya mbinu iandikwe kwa nathari na kwa wakati uliopita. Usibishane nao. Acha kwenye sura muhtasari wa kurasa chache unaofuata vichwa vilevile saba, na uweke utaratibu kamili, ramani ya mipaka na fomu tupu kwenye kiambatisho. Ndani ya sura taja toleo lililotumika, ili msimamizi asisome toleo la 3 ilhali uwanjani mlifuata la 2.

Kumbuka pia mpaka wa kazi hii. Utaratibu ulioandikwa vizuri hauongezi usahihi wa macho wala haumtoi faru aliyejificha Lerai. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba timu ya kiangazi kijacho itakosea kwa namna ileile kama yako, na hivyo tofauti kati ya hesabu zenu isitokane na maandishi. Kwa hiyo andika hatua kabla ya kuingia kreta, na ukirudi ongeza tu kile cha saba: yaliyotofautiana na mpango.