Kutenganisha Mzunguko na Mtanuko: Mchanguo wa Pola katika Ramani za Viwanja vya Kitengela

Sheria ya mwaka 1968 ya wawakilishi wa vikundi iliwezesha ardhi ya malisho ya Kajiado kusajiliwa kama ranchi za pamoja. Baadaye nyingi kati ya ranchi hizo ziligawanywa kwa wanachama, na vipande vilivyopatikana vikaendelea kukatwa hadi vikawa ploti, hasa Kitengela, mji ulio jirani na Nairobi. Migawanyo mingi ya awali ilichorwa juu ya karatasi. Leo mpimaji anapofika na kipokezi cha setilaiti hulazimika kuioanisha karatasi hiyo na ardhi yenyewe, na hapo ndipo ugumu huanza. Karatasi husinyaa na kutanuka kwa unyevu, tena haisinyai sawa kwa pande zote. Ikinakiliwa kwa mashine, huweza kuvutwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Aidha, mchoro huenda uliwekwa kimshazari, hivi kwamba kaskazini yake si kaskazini ya ardhini. Kwa hiyo makosa mawili huchanganyika: ramani imegeuka, na tena imebadilika umbo. Makala haya yanaonyesha jinsi hesabu ya matriksi inavyoyatenganisha.

Chukua mfano uliotungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Katika kipande cha ardhi kuna bikoni tatu. Ya pili iko mita 100 mashariki mwa ya kwanza, na ya tatu iko mita 100 kaskazini mwa ya kwanza. Vipimo vya ramani, baada ya kuzidishwa kwa skeli iliyoandikwa pembeni, vinaiweka bikoni ya pili kwenye (78.6, 60.2) na ya tatu kwenye (-58.6, 79.8), bikoni ya kwanza ikiwa chimbuko. Tukigawanya kwa 100 na kuziandika jozi hizo kama safu wima, tunapata matriksi A inayogeuza hatua ya ardhini kuwa hatua ya ramanini:

```
A = | 0.786  -0.586 |
    | 0.602   0.798 |
```

Mtu mwenye haraka atapima urefu wa mistari miwili na kukuta kwamba kila mmoja umekuwa mita 99.0. Atahitimisha kuwa karatasi imesinyaa asilimia 1 pande zote, kisha ikageuka. Hitimisho hilo linavutia, lakini ni potofu. Akipima pembe iliyo kati ya mistari hiyo, ambayo ardhini ni nyuzi 90, ataona ramanini ni nyuzi 88.84. Msinyao ulio sawa pande zote hauwezi kuharibu pembe, na mzunguko hauwezi pia. Kuna jambo jingine lililofichika.

Mchanguo wa pola unasema kwamba matriksi yoyote ya mbili kwa mbili ambayo determinanti yake ni chanya inaweza kuandikwa kwa njia moja tu kama A = RS. Hapa R ni mzunguko, nayo S ni mtanuko: matriksi linganifu inayovuta au kubana katika pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba, bila kugeuza pande hizo. (Neno mtanuko linatumika hata pale ambapo kinachotokea hasa ni msinyao.) Jina pola linatokana na ufanano wake na nambari changamano, ambayo nayo huandikwa kama ukubwa na pembe.

Swali ni namna ya kuipata S ilhali R imeshaingiliana nayo. Njia ni kuizidisha A, kutoka kushoto, kwa transposi yake, yaani A ile ile ambayo safu zake wima zimefanywa safu mlalo. Zao hilo hubeba habari za urefu na pembe peke yake: kwenye ulalo mkuu kuna miraba ya urefu wa safu mbili za A, na nje ya ulalo kuna kipimo cha jinsi safu hizo zinavyoegemeana. Kwa kuwa mzunguko haubadilishi urefu wala pembe, R hutoweka na kinachobaki ni S iliyozidishwa kwa S:

```
A^T A = | 0.9802  0.0198 | = S^2
        | 0.0198  0.9802 |
```

Ile 0.0198 ndiyo ushahidi wa pembe iliyoharibika. Kinachotafutwa sasa ni vekta eigeni za zao hilo. Neno eigeni lina asili ya Kijerumani, na maana yake hukaribia "ya mwenyewe". Vekta eigeni ni uelekeo ambao matriksi hurefusha au hufupisha bila kuupotosha. Jaribu (1, 1), yaani kaskazini-mashariki: kila kijenzi kinakuwa 0.9802 + 0.0198, ambacho ni 1. Jaribu (1, -1), yaani kusini-mashariki: kinachozidishwa ni 0.9802 - 0.0198, yaani 0.9604. Kwa kuwa hizi ni thamani za S mara mbili, huchukuliwa vipeo vya pili vyake vilivyo chanya: 1 na 0.98. Ukweli umejitokeza. Ramani haikusinyaa hata kidogo katika mstari wa kaskazini-mashariki. Imesinyaa asilimia 2 katika mstari wa kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki. Mistari miwili iliyopimwa ilikuwa katikati ya pande hizo, ndiyo maana yote miwili ilionekana kupungua sawa.

S ikijengwa upya kutokana na pande hizo, na A ikazidishwa kwa kinyume cha S, mzunguko hubaki peke yake:

```
S = | 0.99  0.01 |     R = | 0.8  -0.6 |
    | 0.01  0.99 |         | 0.6   0.8 |
```

Mchoro umegeuka nyuzi 36.87 kinyume cha mwendo wa saa. Kuna njia fupi ya kuhakiki: gawanya 0.602 + 0.586 kwa 0.786 + 0.798. Jibu ni 0.75, ambayo ndiyo tanjenti ya pembe hiyo. Aliyeisoma pembe kutokana na mstari wa mashariki peke yake angepata nyuzi 37.45, na kutokana na wa kaskazini nyuzi 36.29.

Athari zake ardhini si ndogo. Mpimaji aliyeamini msinyao wa asilimia 1 pande zote angeurefusha mpaka wa mita 500 wa kaskazini-mashariki hadi takriban mita 505, na ule unaoukata kwa pembe mraba angeubakisha karibu mita 495. Mita 5 zinatosha kumeza nusu ya barabara ya ploti, au kuuhamishia ukuta wa mtu kwa jirani. Eneo, hata hivyo, lingetoka karibu sahihi kabisa. Kwa hiyo kulinganisha ekari za hatimiliki hakungelifichua kosa hilo.

Mpangilio wa kuzidisha nao una uzito. Katika RS, mtanuko hutangulia, hivyo pande zake husomwa ardhini. Anayetaka kujua karatasi yenyewe ilisinyaa wapi atazigeuza pande hizo kwa R: ule wa kusini-mashariki utaangukia nyuzi 8 hivi chini ya mlalo wa karatasi.

Determinanti ya A hapa ni 0.98. Ikitoka hasi, kwa kawaida mtu ameandika kaskazini kabla ya mashariki upande mmoja tu, na R inakuwa taswira ya kioo badala ya mzunguko. Ikikaribia sifuri, bikoni tatu ziko karibu katika mstari mmoja na hazifai. Tena bikoni tatu huzalisha A bila kuacha dalili yoyote ya kosa la upimaji. Ya nne ndiyo hulifichua, inapokataa kuangukia mahali pake. Thamani mbili za mtanuko zikitofautiana kwa kiasi kidogo kuliko kosa la vipimo, uelekeo wa vekta eigeni hauaminiki. Na pale karatasi ilipokunjwa au kuunganishwa kwa gundi, A moja haitoshi kwa ramani nzima. Kila kipande huhitaji bikoni zake na mchanguo wake.