Jukwaa la pande mbili: nani alipe, nani alipwe?

Katika somo la biashara ya kidijitali, wengi wetu hueleza M-Pesa kama tunavyoeleza simu: kila anayejiunga huwaongezea wengine faida. Ni kweli, lakini mimi naona ugumu uko kwingine. Huduma hiyo, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2007, ilihitaji makundi mawili kwa pamoja. Mteja hajiungi pasipo wakala wa karibu. Wakala naye hafungi fedha zake pasipo wateja.

Tuangalie bei zilivyopangwa. Mteja aliweka fedha bure, ilhali wakala alilipwa kamisheni kwa uwekaji huo. Gharama ilirudishwa kwenye kutuma na kutoa. Kumtumia asiyejiandikisha kulikuwa ghali zaidi, hivyo mtumaji mwenyewe alimhimiza ndugu yake ajiandikishe.

Je, mawakala wakizidi? Tuseme mtaa una shughuli 90 kwa siku. Mawakala 3 hupata 30 kila mmoja. Wakifika 9, kila mmoja anabaki na 10. Kwa kamisheni hiyo haoni sababu ya kuweka akiba kubwa, anaipunguza, na mteja anayekuja kutoa anaambiwa arudi kesho. Basi tuhesabu wateja wanaorudishwa, si vibanda. Tena tuhesabu mahali kwa mahali: wingi wa mawakala Nairobi haumfai mtu wa kijijini, ambako wanaotoa ni wengi kuliko wanaoweka, na noti huisha mapema.