Laini ya nyumbani ikizimika ghafla ukiwa nje: funga pesa kwanza, laini baadaye

Dada mmoja anayefanya kazi hotelini Doha alituandikia yaliyomkuta Ijumaa moja usiku. Laini yake ya Kenya anaiweka kwenye tundu la pili la simu, kazi yake kubwa ikiwa ni kupokea meseji za benki. Saa mbili kasorobo aliona imeandika No Service. Akafikiri ni mambo ya roming, akaendelea na zamu. Saa tano usiku akawasha programu ya benki kupitia waifai ya hoteli, nywila ikakataa. Alikuwa na shilingi 214,000 za kununulia kiwanja. Kufikia wakati huo 70,000 zilikuwa zimeshatoka.

Kilichotokea ni kwamba mtu alienda kwa wakala huko Kenya, akajifanya ndiye yeye na kupewa simkadi mpya yenye nambari yake. Mtandao hauwezi kuweka nambari moja kwenye kadi mbili, kwa hiyo ile ya Doha ikakatwa. Kuanzia dakika ile kila nambari ya uthibitisho iliyotumwa na benki ilienda kwa mwizi. Simu yenyewe haikuibwa, ilikuwa mfukoni mwake muda wote.

Utajuaje kama ni wizi au ni roming tu? Zima simu uwashe, kisha chagua mtandao mwenyewe kwenye mipangilio. Ikikataa, mwombe mtu aliye nyumbani apige nambari yako. Roming ikiwa na shida, kwa kawaida ataambiwa mteja hapatikani. Lakini akisikia inaita, au mtu mgeni akapokea, na simu yako iko kimya mkononi, jua nambari ina mwenye wake mwingine. Usitegemee WhatsApp kukuambia. Inaweza kuendelea kufanya kazi kwenye waifai mpaka mwizi aisajili kwake.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunakimbilia kubonyeza kitufe cha "nimesahau nywila". Dada yetu alifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu nambari ya uthibitisho ilitumwa kwenye laini iliyo mikononi mwa mwizi. Mpaka laini izuiwe, usianzishe jambo lolote linalotuma meseji kwenye nambari hiyo.

Anza na benki. Tumia laini ya nchi uliyopo, yenye salio la kupiga nje, na piga nambari ndefu inayoanza na +254. Zile fupi, na zile za bure za 0800, kwa kawaida hazipatikani ukiwa nje. Ya dharura mara nyingi imeandikwa nyuma ya kadi. Sema hivi: "Laini yangu imebadilishwa bila idhini yangu. Naomba mfunge huduma ya simu, programu na kadi, na muondoe nambari hii kwenye akaunti mpaka nithibitishwe upya." Kama pesa imeshahamishwa, waombe wawasiliane mara moja na benki au kampuni iliyoipokea ili izuiwe. Pesa ikikaa kwenye akaunti inaweza kushikwa. Ikishatolewa taslimu kwa wakala, kuipata ni kazi nyingine kabisa. Kabla ya kukata simu chukua nambari ya malalamiko, jina la aliyekuhudumia na saa.

Simu ya pili ni kwa kampuni ya laini. Usiombe kurudishiwa nambari usiku ule, omba izuiwe, na akaunti ya pesa za simu izuiwe pia. Watakuuliza maswali ya kukutambua: nambari ya kitambulisho, watu unaowatumia pesa mara kwa mara, muamala wa mwisho. Halafu waombe wakupe kwa maandishi saa na mahali laini ilipobadilishwa. Usiitupe simkadi yako ya zamani hata kama imekufa. Nyuma yake kuna nambari ndefu, na kwa kadi za Kenya huanza na 89254. Inaonyesha kwamba kadi ya awali uko nayo wewe.

Tatu ni barua pepe, kwa sababu aliye na barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine. Tumia kifaa ambacho tayari umeingia, usijaribu kuingia upya kwenye kifaa kingine. Badilisha nywila, ondoa nambari iliyoibwa kwenye sehemu ya kurejesha akaunti, toa vifaa vyote usivyovitambua. Kisha angalia kama kuna mpangilio wa kupeleka barua zako kwa anwani nyingine. Mwizi akiuacha huo, ataendelea kusoma barua za benki hata baada ya wewe kubadilisha nywila.

Kuirudisha nambari yenyewe ndiyo hatua ndefu kwa aliye mbali, maana kwa kawaida wanataka mwenyewe afike dukani na kitambulisho. Uliza kampuni kwa maandishi kama wanakubali mwakilishi na kwa hati gani. Wakikubali hati ya uwakilishi, uliza kama ni lazima ithibitishwe ubalozini, usilipie karatasi ambayo itakataliwa. Ripoti pia polisi nyumbani na upate nambari ya OB, kwani benki huweza kuidai. Laini ikirudi, weka nambari mpya ya siri ya pesa za simu kabla ya kuiunganisha tena na benki. Angalia pia kama kuna mkopo uliochukuliwa kwa jina lako, uupinge kwa maandishi kabla haujafika kwenye rekodi za CRB. WhatsApp ukiisajili upya, mwizi anatolewa. Ikikudai nambari ya siri ambayo hukuiweka wewe, utasubiri siku 7, lakini naye hatakuwa ndani.

Dada yetu alirudishiwa 46,000 zilizokutwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji. Zilizobaki, 24,000, benki ilisema ni yeye aliyeidhinisha. Jibu lake lilikuwa karatasi mbili: barua ya kampuni ya simu inayoonyesha laini ilibadilishwa saa 1:40 usiku, na taarifa ya akaunti inayoonyesha pesa ilitoka saa 2:05. Doha na Nairobi saa ni moja, kwa hiyo hakukuwa na ubishi wa wakati. Tunapoandika haya malalamiko bado yako mezani. Bila ile barua asingekuwa na la kusema.

Kwa mwenye laini ya Safaricom, kuna kinga ya kuweka leo kabla hujafikwa. Piga:

```
*100*100#
```

Ukishajisajili hapo, laini yako haiwezi kubadilishwa kwa wakala, ni kwenye duka la Safaricom tu. Ujue pia gharama yake: ukipoteza simu Doha au Maskati, ndugu yako hataweza kukusaidia kwa wakala wa mtaani. Sisi tunaona kwa mwenye akiba benki usumbufu huo unavumilika. Na zile nambari mbili za +254, ya benki na ya kampuni ya laini, ziandike kwenye karatasi uiweke pamoja na pasipoti. Siku ukizihitaji, simu yako huenda isiwe ya kutegemewa.