Pengo kati ya Bajeti na Matumizi: Jinsi ya Kulisoma kwenye Mkutano Mkuu

Tangu mwaka 2013, wakaazi wa Gazi na Makongeni huko Msambweni wamekuwa wakiuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Mapato hayo hulipia mahitaji ya vijiji, yakiwemo maji na elimu. Wanunuzi wako ng'ambo, na mahitaji yenyewe hulipiwa kwa shilingi. Kikundi chochote chenye mapato ya namna hiyo kina jambo la ziada la kueleza kinaposoma hesabu za mwaka.

Tuchukue kikundi cha mfano, chenye tarakimu tulizozitunga kwa ajili ya somo hili. Mnamo Januari 2024 kamati ilipanga kupokea dola 15,000. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, hivyo bajeti ikaandikwa 2,400,000. Pesa zilifika katikati ya mwaka, shilingi ikiwa imepata nguvu na dola imeshuka hadi karibu 130. Kikundi kikapata 1,950,000.

Hapo kuna pengo la 450,000, na mwanachama ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. Jibu linapatikana kwa kutenganisha mambo mawili, idadi na bei. Dola zilizopangwa ni 15,000 na zilizofika ni 15,000, kwa hiyo hakuna kilichopungua katika mauzo. Bei ya dola imeshuka kwa shilingi 30, na 30 mara 15,000 ni 450,000. Pengo lote limeelezeka, na taarifa ya benki ya siku pesa zilipoingia inatosha kulithibitisha.

Upande wa matumizi ndio mgumu zaidi. Mweka hazina alisoma hivi:

| Kazi | Bajeti | Halisi |
|---|---|---|
| Bomba la maji | 900,000 | 420,000 |
| Karo na vitabu | 500,000 | 500,000 |
| Ulinzi wa msitu | 480,000 | 480,000 |
| Ofisi na usafiri | 340,000 | 370,000 |
| Kupanda mikoko | 180,000 | 280,000 |
| Jumla | 2,400,000 | 2,050,000 |

Ukitazama jumla pekee, kikundi kimetumia 350,000 chini ya bajeti, na pengine watu watapiga makofi. Lakini kimetumia 100,000 zaidi ya kilichoingia, na kiasi hicho kimetoka kwenye akiba. Pengo kubwa kuliko yote, lile la 480,000 la bomba, ndilo linalofanya jumla ipendeze.

Bajeti ya bomba ilikuwa mita 1,500 kwa shilingi 600 kila mita, pamoja na kuchimba mtaro. Pesa zilipopungua kamati ilisimamisha kazi baada ya mita 600. Gawanya 420,000 kwa 600, utapata kwamba kila mita iligharimu 700. Kwa hiyo pengo hilo lina sehemu mbili. Mita 900 ambazo hazijalazwa, kwa bei ya bajeti, ni 540,000 ambazo hazijatumika. Mita 600 zilizolazwa zimezidi bei kwa shilingi 100 kila moja, yaani 60,000. Ondoa 60,000 kwenye 540,000, zinabaki zile 480,000.

Kwa wale ambao bomba halijawafikia, tofauti hii ni kubwa. Mkutano ukiona 480,000 kama salio la kazi na kuziweka kwenye bajeti ijayo, mtaro utasimama tena njiani, kwa sababu mita 900 kwa 700 ni 630,000. Upungufu wa 150,000 ungekuwa umepitishwa siku hiyo hiyo ya mkutano.

Hesabu imeonyesha bei ilipopanda, ila haisemi kwa nini. Katika mfano wetu vibarua walikuta mwamba wa matumbawe, na kuchimba kukawa ghali. Maelezo hayo yana mantiki pwani hii, lakini yaombewe karatasi: nukuu ya bei ya kwanza, ankara ya fundi, na idadi ya mita zilizopimwa ardhini, si zilizoandikwa tu. Kisha fundi aulizwe kama mwamba unaendelea. Ukiishia hapo, 600 inaweza kurudi kuwa bei sahihi.

Kupanda mikoko kumezidi kwa 100,000, na njia ni ile ile. Zilipangwa siku 300 za kibarua kwa 600, zikatumika siku 400 kwa 700. Siku za ziada kwa bei ya zamani ni 60,000, na nyongeza ya malipo kwa siku zote 400 ni 40,000. Daftari la mahudhurio lionyeshe siku hizo 400. Ofisi imezidi kwa 30,000, chini ya asilimia 10, na sentensi moja ya maelezo yatosha.

Jambo moja huharibu zoezi hili lote: bajeti iliyorekebishwa kimya kimya mwezi wa Novemba ili ilingane na matumizi. Mapengo yote hutoweka. Linganisha basi na bajeti iliyopitishwa na wanachama, yenye tarehe na sahihi kwenye kumbukumbu za mkutano.