Kabla Dawa Haijavuka Dirisha

Wengi wanaokwenda kuchukua dawa kituo cha afya wamewahi kuliona jambo hili: dawa zimeshatolewa rafuni, vidonge vimehesabiwa, bahasha imeandikwa, halafu vyote vinawekwa kando kumsubiri mtoa dawa mwingine avitazame. Foleni ni ndefu, mtoto analia, na mtu hujiuliza kwa nini hapewi dawa yake aondoke. Kijitabu hiki kinaeleza mtu huyo wa pili anatafuta nini.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 5 mwenye kilo 18. Amepimwa na kukutwa na malaria isiyo kali, naye daktari amemwandikia dawa mseto, ALu, 2 × 2 kwa siku 3. Maana yake ni vidonge viwili kila anapokunywa, mara mbili kwa siku. Jumla ni vidonge 12.

Dawa hii hugawiwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hunywa kidonge kimoja kila mara. Wa kilo 15 hadi chini ya 25, viwili. Wa kilo 25 hadi chini ya 35, vitatu. Kuanzia kilo 35, vinne. Ndiyo maana kuna pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24. Kidonge ni kilekile, jina ni lilelile, na mara nyingi pakiti hizo hukaa jirani kwenye rafu moja.

Sasa tuseme asubuhi hiyo waliotangulia kwenye foleni walikuwa watoto wadogo wa kilo 10 au 12, na mtoa dawa amekuwa akichukua pakiti ya 6 mfululizo. Anakisoma cheti cha mtoto wetu, anaona ALu, na mkono unakwenda palepale ulipozoea. Kwenye bahasha anaandika 1 × 2, kama alivyowaandikia wenzake. Akijikagua mwenyewe papo hapo, huenda asione kitu, kwa sababu pakiti na bahasha vinapatana kabisa. Kinachopingana navyo ni cheti, na cheti ameshakisoma. Macho yake yatamwonyesha kile anachoamini kuwa kimeandikwa.

Mtu wa pili haanzi kwenye bahasha. Anaanza kwenye cheti: jina, umri, uzito, dawa, nguvu ya dawa, kipimo, siku. Anapiga hesabu yake mwenyewe, mbili mara mbili mara tatu, anapata 12. Ndipo anapoitazama pakiti na kukuta 6. Dawa inarudi rafuni, bahasha inaandikwa upya. Mwenzake akimwambia tangu mwanzo, "Hii ni ya vidonge 6, hebu angalia," ukaguzi umeharibika, maana naye atatafuta 6. Hilo ndilo jambo ambalo hata vituo vyenye watumishi wa kutosha hulikosea.

Kosa hilo lingevuka dirisha, mtoto angepata nusu ya dozi. Homa ingeweza kushuka siku mbili tatu, nyumbani mkafurahi, kumbe vimelea vimebaki mwilini na ugonjwa unarudi. Hapo ni rahisi kudhani dawa haifanyi kazi.

Kwenye duka la dawa muhimu na zahanati ndogo mara nyingi mtoa dawa yuko peke yake. Huyo anapaswa kuiweka dawa chini, ashughulike kidogo na kitu kingine, kisha arudi na kuanza upya kwenye cheti. Mpeni nafasi hiyo. Kumharakisha kwa kugonga kaunta kunaondoa kinga pekee iliyobaki.

Ukaguzi wa pili una mipaka yake. Uzito ukiandikwa kwa kukisia, wakaguzi wote wawili watakubaliana juu ya kosa. Kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kutoka vipele baada ya kunywa amoksilini, na hakuna aliyesema, cheti hakitalionyesha hilo. Jina nalo linaweza kupotosha: akiitwa Mwajuma, huinuka wawili. Kwa hiyo unapoulizwa dirishani, "Mgonjwa anaitwa nani?", taja majina yote na umri, badala ya kuitikia tu.

Ukishapokea dawa, usiondoke kwanza. Soma bahasha, hesabu vidonge, na umwombe mtoa dawa akuambie kwa mdomo kiasi na saa. Kwa ALu, dozi ya pili hunywewa saa 8 baada ya ya kwanza. Kuanzia siku ya pili ni asubuhi na jioni, pamoja na chakula au maziwa. Mkigundua nyumbani kwamba idadi haipatani na maelezo, rudini kituoni siku hiyohiyo mkiwa na cheti, bahasha na pakiti yenyewe.